Skrubu namba 6, 8 au 10 kwenye mwisho wa ubao? Nimelinganisha kwa chaga za kitanda

Kitanda cha futi 5 kwa 6 hubeba chaga 14 hivi, na kila chaga hufungwa skrubu huku na huku. Ukihesabu, hizo ni skrubu 28, na zote zinaingia mahali pabaya kuliko pote kwenye ubao: sentimita mbili tu kutoka mwisho. Ndiyo maana nimechagua chaga. Ukitengeneza rafu au sanduku, mara nyingi unaweza kuisogeza skrubu ndani kidogo. Chaga haikupi ruhusa hiyo, kwa sababu inalala juu ya kipande chembamba kilichofungwa ndani ya mfumbati, na skrubu lazima ikipate kipande hicho. Mimi nakiita kibebeo.

Kitanda kilichonifundisha kilitoka kwenye banda letu Keko kwenda Mbagala. Mifumbati na vibebeo vilikuwa vya mninga, chaga za paini. Nilitumia skrubu namba 8 za inchi 2 na drili ya betri, bila kutoboa kwanza, kwa sababu paini ni laini na mteja alikuwa amesimama mlangoni na Kirikuu. Chaga tatu zilipasuka palepale, nikazibadilisha. Wiki tatu baadaye simu ikaita.

"Fundi, kitanda kinalia."

"Shikamoo mama. Kinalia vipi?"

"Marahaba. Nikigeuka tu, ka, ka, ka. Mpaka mtoto anaamka."

Nilipoinua godoro nilikuta nyufa kwenye ncha 11. Kila ufa ulianzia kwenye skrubu na kutokea nje, mwisho wa ubao, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Zile ncha zilikuwa zinacheza juu ya kibebeo. Tangu siku hiyo nimejaribu njia nne za kufunga chaga ileile, na hapa nazilinganisha.

Kwanza, kwa nini mwisho ndio unaopasuka. Gogo la kuni ukilikata kukingama nyuzi zake utatoka jasho, lakini ukilisimamisha na kulipiga shoka kichwani linagawanyika kwa pigo moja. Mbao hubaki na tabia hiyo hata ikipigwa randa. Nyuzi zenyewe ni ngumu, kinachozishikanisha ubavu kwa ubavu ndicho dhaifu. Skrubu ikiingia bila tundu haikwangui njia yake, inazisukuma nyuzi pembeni kama shoka dogo la mviringo. Katikati ya ubao ufa ukianza hukutana na mbao nzima mbele na nyuma, ukaishia hapo. Karibu na mwisho, upande mmoja una sentimita mbili tu za kuushikilia, kisha ni hewa.

Shoka hilo lina sehemu mbili, na wengi tunakumbuka moja. Ya kwanza ni shina la skrubu pamoja na meno yake. Ya pili ni kichwa kile cha koni kinachozama kwenye ubao. Nimeona mafundi wakitoboa vizuri kabisa, halafu wakakaza mpaka kichwa kikazama milimita tatu chini ya uso, na ubao ukapasuka kana kwamba hawakutoboa kitu.

Kuna kipimo cha umbali ambacho wahandisi wa ujenzi wa mbao Ulaya hukitumia kwa misumari na skrubu nyembamba, na kinafaa kukaa kichwani. Kwenye mbao nyepesi kama paini, bila kutoboa, acha mara 10 ya unene wa skrubu mpaka mwisho wa ubao. Ukitoboa, mara 7 zinatosha, ikiwa mzigo hauvuti kuelekea kwenye mwisho huo. Kwa mbao inayozidi kilo 500 kwa mita moja ya ujazo, kanuni hiyo haikupi hiari: lazima utoboe. Mninga umo humo, na mkongo umepita mbali zaidi.

Sasa lete kipimo hicho kwenye chaga. Kibebeo changu kina milimita 40 kwa 40. Chaga inaingia juu yake milimita 38, nikiacha upenyo mdogo ili isisugue mfumbati. Skrubu ikikaa katikati ya kibebeo inakuwa milimita 18 kutoka mwisho wa chaga. Namba 8 ina unene wa milimita 4.2, kwa hiyo bila kutoboa ilitaka milimita 42. Nilikuwa na 18. Hata ningetoboa ilitaka 29. Namba 6, yenye milimita 3.5, inataka karibu 25 ikiwa na tundu. Yaani hakuna namba hata moja ya kawaida inayotosha pale kwa kanuni, na mtu anayekwambia "tumia tu namba ndogo" hajamaliza kukujibu.

Haya ndiyo matundu ninayotumia, kwa milimita:

| Skrubu | Unene | Tundu la kutangulia, paini | Tundu la kutangulia, mninga | Tundu la kupitishia |
|---|---|---|---|---|
| Namba 6 | 3.5 | 2 | 2.5 | 4 |
| Namba 8 | 4.2 | 2.5 | 3 | 4.5 |
| Namba 10 | 4.8 | 3 | 3.5 | 5 |

Tundu la kutangulia ni lile jembamba ambalo meno ya skrubu yatauma kuta zake. Tundu la kupitishia ni pana, skrubu inapita humo bila kuuma. Viwanda vinatofautiana, namba 8 ya boksi hili inaweza kuwa na shina nene kuliko ya boksi lile, kwa hiyo usiliamini jedwali kuliko jicho. Shika biti mbele ya skrubu, uelekeze kwenye mwanga. Kwa mninga, biti ilifiche shina karibu lote, na meno yaonekane yamechomoza kushoto na kulia. Kwa paini, shina lenyewe lichungulie kidogo pembeni, kwa sababu mbao laini inahitaji kubanwa zaidi ili ishike.

Njia ya kwanza ni ile ya Mbagala: namba 8, hakuna tundu. Faida yake ni muda, chaga zote 14 zinaisha ndani ya dakika 10. Hasara yake haionekani yote siku hiyo, na hapo ndipo inapodanganya. Paini nyingi tunayoinunua Buguruni imetoka Mafinga na mara nyingi bado ina maji. Mbao mbichi inanyumbulika, inakubali kusukumwa. Ikishakauka ndani ya chumba chenye feni inasinyaa, na skrubu haisinyai. Zaidi ya hapo, mwisho wa ubao hukauka kabla ya sehemu nyingine kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi kupitia kwenye vinywa vya nyuzi. Kwa hiyo palepale ulipoweka shoka lako ndipo mbao inapojivuta kwanza. Zile nyufa 11 hazikuonekana siku nilipopakia kitanda.

Njia hii ina kasoro nyingine isiyohusu kupasuka. Skrubu yenye meno mpaka kichwani inauma chaga na kibebeo kwa pamoja. Kama kulikuwa na upenyo wa milimita moja kati yao wakati meno yalipoingia kibebeo, upenyo huo unabaki hivyohivyo hata ukaze vipi, maana skrubu inapenya vipande vyote viwili kwa mwendo mmoja. Ile "ka, ka, ka" ya mama ilitoka kwenye nyufa, lakini hata chaga zisizopasuka zilikuwa zinagonga kidogo.

Njia ya pili ni namba 8 hiyohiyo, ila na matundu mawili tofauti: kwenye chaga milimita 4.5, kwenye kibebeo cha mninga milimita 3. Mabadiliko ni makubwa kuliko nilivyotegemea. Kwenye chaga skrubu haiumi kitu, kwa hiyo haisukumi nyuzi yoyote. Inabaki kichwa tu, nacho nakitengenezea kikombe kwa biti ya koni, kiasi cha kichwa kulala sawa na uso wa ubao. Hivyo shoka lote, la shina na la kichwa, limeondolewa, na ndiyo sababu milimita 18 zinakubali ingawa kanuni inataka zaidi. Kanuni ile inafikiria kiungo kinachobeba mzigo kwa meno na shina lake. Chaga haibebwi na skrubu. Uzito wa anayelala unashuka moja kwa moja kwenye kibebeo, na kazi ya skrubu ni kuizuia chaga isitembee.

Ukishaliona hilo, njia ya tatu inajileta: namba 6 ya inchi moja na nusu, tundu la milimita 4 kwenye chaga na 2.5 kwenye kibebeo. Kama skrubu haibebi uzito, unene wa namba 8 ni wa nini? Chaga yangu ina milimita 20, skrubu ina 38, kwa hiyo karibu milimita 18 zinazama kwenye mninga, na hizo zinatosha kabisa. Kichwa cha namba 6 ni kidogo, kikombe chake ni kifupi, na mbao inayobaki chini yake ni nene zaidi. Tatizo lake ni shina. Namba 6 ikilazimishwa kwenye mninga inakatika shingoni, na ukibaki na shina lililozama ndani huna la kufanya ila kuhamia pembeni. Kwa hiyo ukichagua namba 6, kutoboa si kwa ajili ya paini peke yake, ni kwa ajili ya skrubu yenyewe. Toboa kina chote ambacho skrubu itafika. Mimi nazungushia solotepu kwenye biti kuwa alama. Kisha pitisha meno kwenye nta ya mshumaa. Wengi hutumia sabuni ya mche, nami nilitumia zamani, lakini sabuni huvuta unyevu, na kwa hewa yetu hii ya pwani hiyo ni kuikaribisha kutu.

Njia ya nne haigusi skrubu, inagusa kibebeo. Badala ya kipande cha 2 kwa 2, weka cha 2 kwa 3 na ukilaze kwa ubapa. Baada ya randa kinabaki na upana wa milimita 65 hivi, chaga inaingia 63, na skrubu unaweza kuiweka milimita 38 kutoka mwisho. Hapo namba 6 inatimiza kipimo cha mara 10 kwenye paini hata bila kutoboa chaga. Ni njia nzuri kwa mtu anayetengeneza vitanda vingi na hataki kutegemea uangalifu wa kila kijana bandani. Lakini mninga ni ghali, unaongeza nusu ya mbao ya kibebeo kwa kila kitanda, na kile kibebeo bado utakitoboa.

Mimi nimebaki na ya tatu kwa chaga. Namba 8 yenye matundu inafanya kazi sawasawa, na ukikosa namba 6 dukani ichukue bila wasiwasi, maana namba 8 ndiyo iliyojaa kila kaunta Kariakoo. Njia ya nne ningeichagua kama chaga zenyewe ni za mninga au mkongo, ingawa huko kutoboa hakuepukiki hata ukipata sentimita 4.

Kuna jambo moja ambalo njia zote nne zinaliharibu au kulitunza kwa pamoja, nalo ni idadi ya skrubu kwa kila ncha. Niliwahi kuweka mbili kwa mbili, nikidhani naimarisha. Chaga yenye upana wa milimita 70 ikiwa mbichi inaweza kupungua milimita moja au mbili kwa upana ikikauka. Skrubu mbili zilizokamatwa kwenye mninga hazisogei, kwa hiyo ubao unavutwa katikati yao mpaka upasuke, na ufa wake unatokea kati ya skrubu, si kwenye skrubu. Ukiuona ufa wa namna hiyo ujue kosa si tundu. Weka moja katikati ya upana, basi.

Sasa nije kwenye biti, kwa sababu ndipo hoja ya "sina muda" inapoanzia. Mafundi wengi tunakata kichwa cha msumari, tunaubana kwenye drili na kuutumia kutobolea. Kwenye paini inakubalika. Msumari haukati, unatenganisha na kuchoma kidogo, lakini ukizunguka kwa kasi bila kusukumwa kwa nguvu unafungua njia ya kutosha kwa tundu la kutangulia. Milimita 18 kutoka mwisho ningeogopa: msumari nao ni shoka, ila jembamba zaidi. Kwenye mninga usijisumbue. Utaona moshi, tundu litakuwa jeusi na gumu ndani, na skrubu itapiga kelele ikiingia. Biti halisi ya chuma inatoa vumbi na vipande vinavyojikunja. Hiyo ndiyo dalili kuwa mbao imetoka, haijasukumwa. Biti mbili za kawaida, ya 2.5 na ya 4, zinatosha kazi yote ya chaga kwa namba 6. Biti ya 2.5 inavunjika kirahisi, nunua tatu.

Na zile skrubu nyeusi za jipsamu, ambazo ni rahisi na zimejaa kila mahali? Ni nyembamba, kwa hiyo kwenye paini hupasua kidogo kuliko namba 8. Lakini chuma chake kimetiwa moto kiwe kigumu, hakipindi, kinakatika. Kwenye mninga nimekata nyingi kiasi cha kuacha kuhesabu. Meno yake yanafika kichwani, kwa hiyo ugonjwa wa upenyo unajirudia. Na rangi ile nyeusi haizuii kutu kwa muda mrefu. Kwa chaga juu ya kibebeo cha paini, na matundu yote mawili, zitashika. Kwa mninga ziache.

Kibebeo chenyewe ni kisa kingine, kwa sababu pale skrubu ndizo zinazobeba watu. Hapo wengi hukimbilia namba 10. Kwa kipande cha milimita 40, namba 10 inataka tundu la kupitishia la milimita 5 katikati ya mbao nyembamba, na kwa kuwa ni nene mtu huweka tano tu kwa urefu wote. Mimi naweka nane za namba 8, inchi mbili na nusu, kwenye kibebeo cha sentimita 180: ya kwanza sentimita 7 kutoka kila mwisho, zilizobaki zikigawanywa sawa, kama sentimita 24 kati yake. Zinapita milimita 40 za kibebeo na kuingia kama 23 kwenye mfumbati wa milimita 35, bila kutokeza nje. Natia gundi kati ya kibebeo na mfumbati. Sentimita 7 zile zinazidi mara 15 ya unene wa skrubu, kwa hiyo mwisho wa kibebeo hauna hofu yoyote. Huku nafasi ipo, itumie, usiibane skrubu kwenye kona kana kwamba ndiko mzigo uliko. Kabla ya kupima, kata sentimita mbili tatu za ncha ya ubao ukiona vinyufa vya kukauka, maana skrubu haianzishi ufa pale, inaurithi.

Wakati wa kukaza, punguza ile pete ya namba kwenye drili mpaka ianze kuteleza mapema, halafu malizia kwa bisibisi ya mkono. Mkono unahisi kitu ambacho mota haihisi. Skrubu inayokwenda vizuri inazidi kuwa nzito kidogo kidogo. Ikiwa nyepesi ghafla, simama: ama meno yamekata njia yao, ama ubao umeachia. Mara nyingine utasikia "tik" ndogo. Lowesha kidole upake kwenye mwisho wa ubao. Ufa mwembamba unakunywa maji na kuonekana mstari mweusi wakati uso mwingine umeshakauka.

Ufa mchanga kama huo unaokoleka. Toa skrubu, ufungue ufa kwa wembe, sukuma gundi nyembamba ya mbao mpaka itokeze upande wa pili, bana kwa klampu hadi kesho yake, kisha toboa upya kwa tundu la kupitishia. Kwenye chaga za Mbagala niliokoa ncha saba kwa namna hiyo. Nne zilikuwa zimepasuka mpaka sentimita 10 ndani na vumbi limeshaingia, gundi isingeshika. Zilikuwa kwenye chaga nne tofauti. Nilizikata zikawa fupi kwa kitanda, nikaweka mpya, na vile vipande sasa ni stuli mbili za jikoni kwa mama yuleyule, zimefungwa namba 6, kila skrubu ikiwa na matundu yake mawili.